Ngazi ya bondi: laki tatu, vipandio vitatu, riba kila baada ya miezi miwili

Somo la leo ni la wenzetu Wakenya walioko Saudia, Qatar, Imarati, Oman na kwingineko, wale ambao tayari wameweka pesa kidogo pembeni na wanajiuliza waifanyie nini. Wengi mnajua bondi za serikali. Shida inayokuja mara nyingi ni hii: mtu anachukua akiba yote, anaitia kwenye bondi moja ya miaka kumi na tano kwa sababu riba yake ilitajwa kubwa, halafu mwaka wa pili mkataba unakatika, anarudi nyumbani na pesa imefungwa. Mwingine anaogopa kufunga pesa, anakaa kwenye bili za hazina za siku 364 peke yake, halafu riba inashuka na mapato yote yanashuka nayo.

Njia ya katikati inaitwa ngazi. Unagawa pesa katika bondi kadhaa zinazoiva kwa miaka tofauti. Kila bondi ni kipandio kimoja. Cha chini kinaiva karibuni, cha juu kinaiva mbali. Kipandio kikiiva unakihamishia juu, na ngazi inaendelea.

Kwanza, bondi inalipaje?

Bondi ya kawaida ya Benki Kuu ya Kenya inalipa riba mara mbili kwa mwaka, kila baada ya siku 182. Siku ya kuiva unarudishiwa pesa yako yote uliyokopesha serikali. Kiwango cha chini kwa bondi nyingi ni shilingi 50,000, na unaongeza kwa 50,000.

Riba inakatwa kodi kabla haijakufikia. Bondi iliyotolewa kwa miaka 10 au zaidi inakatwa asilimia 10. Ya chini ya miaka 10 inakatwa asilimia 15, na bili za hazina vilevile 15. Bondi za miundombinu, zile zenye herufi IFB, zimekuwa hazikatwi kodi, lakini nyingi zinarudisha mtaji kwa mafungu kabla ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo kabla ya kuiweka kwenye ngazi soma ratiba yake kwenye prospekta.

Jina la bondi linakueleza mengi. Chukua FXD1/2018/015. FXD maana yake riba haibadiliki. 2018 ni mwaka iliyotolewa, na 015 ni miaka kumi na tano. Kwa hiyo inaiva 2033. Ilitolewa mwezi wa Mei, basi riba yake inaanguka Mei na Novemba. Benki Kuu huwa inarudisha mnadani bondi za zamani kama hii. Hapo ndipo mjenga ngazi anapopata vipandio vifupi: bondi ya miaka kumi na tano iliyobakiza minne, kwako wewe ni bondi ya miaka minne.

Tujenge ngazi moja

Tuseme una laki tatu. Mkataba wako ni wa miaka miwili, kama ilivyo mikataba mingi ya kazi za nyumbani na mjengo huku Ghuba. Tumia huo huo mkataba kupima ngazi yako: kipandio cha kwanza kiive baada ya miaka 2, cha pili baada ya 4, cha tatu baada ya 6. Kila mkataba ukiisha, laki moja inakuwa mkononi, uamue kurudi au kuendelea.

Weka laki moja kila kipandio. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie zote zinalipa asilimia 12 na kodi ni asilimia 10. Huo ni mfano tu, riba halisi utaiona kwenye tangazo la mnada.

Laki moja kwa asilimia 12 ni 12,000 kwa mwaka, yaani 6,000 kila nusu mwaka. Toa kodi 600, inabaki 5,400.

Sasa angalia miezi. Kipandio cha kwanza chagua bondi inayolipa Januari na Julai. Cha pili, Machi na Septemba. Cha tatu, Mei na Novemba. Kila baada ya miezi miwili 5,400 inaingia kwenye akaunti yako. Kwa mwaka ni 32,400. Hiyo unaweza kuielekeza kwenye karo au dawa za mama bila kugusa mshahara. Ukifika bondi sita, yaani ukaongeza za Februari na Agosti, Aprili na Oktoba, Juni na Desemba, utakuwa unalipwa kila mwezi.

Jambo moja dogo la kuzingatia: siku 182 mara mbili ni 364, siyo 365. Kwa hiyo tarehe ya malipo inarudi nyuma siku moja au mbili kila mwaka. Bondi inayolipa tarehe 2 ya mwezi, baada ya miaka michache italipa mwishoni mwa mwezi uliotangulia. Usimwahidi mtu nyumbani tarehe kamili. Ahidi wiki.

Riba ikipanda au ikishuka

Hapa ndipo ngazi inapofanya kazi yake. Miaka miwili imepita, kipandio cha kwanza kimeiva, laki moja imerudi. Unanunua bondi mpya ya miaka 6, inakuwa kipandio cha juu. Zile nyingine mbili hazijaguswa.

Kama riba imepanda hadi asilimia 15, bondi mpya inakupa 6,750 kila nusu mwaka baada ya kodi. Mapato ya mwaka yanatoka 32,400 yanafika 35,100. Hukupata faida yote ya kupanda, lakini umeanza kuionja, na miaka miwili mingine unahamisha kipandio kingine.

Kama riba imeshuka hadi asilimia 9, bondi mpya inakupa 4,050. Mapato ya mwaka yanakuwa 29,700. Umepungukiwa 2,700 tu kwa mwaka.

Linganisha na yule aliyekaa na laki tatu zote kwenye bili za siku 364. Kwa asilimia 12 alikuwa anapata 30,600 baada ya kodi ya 15. Riba ikishuka hadi 9 anapata 22,950. Ameporomoka zaidi ya elfu saba kwa mara moja. Na hili si la kufikirika. Katikati ya mwaka 2024 bili ya siku 364 ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 16. Kabla mwaka 2025 haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 10.

Na yule wa bondi moja ndefu? Yeye akikaa hadi mwisho halipotei kitu. Tatizo ni akilazimika kuuza mapema. Bondi inauzwa kupitia dalali au benki kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na bei inafuata riba ya siku hiyo. Una bondi ya laki moja ya asilimia 12 iliyobakiza miaka 10, na mpya zinalipa 15. Nani atakulipa laki kamili wakati mpya zinampa zaidi? Bei yake inashuka hadi kama 84,700, na bado hujamlipa dalali. Bondi hiyo hiyo ikiwa imebakiza miaka 2 tu ingeuzwa kama 95,000. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Mwenye ngazi akipatwa na shida anaanza na kipandio cha chini, chenye kuumia kidogo, au anasubiri kiive.

Kununua ukiwa nje

Akaunti inafunguliwa kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023, kwa simu au kompyuta. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, picha, na akaunti ya benki ya Kenya yenye jina lako. Jina lako, siyo la mume, siyo la kaka. Riba na mtaji vinalipwa kwenye akaunti hiyo. Ukiweka ya mtu mwingine, ngazi umemjengea yeye.

Kwenye mnada chagua `Non-Competitive`. Maana yake unakubali riba ya wastani itakayotoka, na hushindani na mabenki. Mnada wa bondi kwa kawaida ni Jumatano na malipo ni Jumatatu inayofuata. Baada ya matokeo, ingia kwenye mfumo uone kiasi hasa cha kulipa na namba ya malipo, kisha utume kutoka benki yako.

Wengi huangukia hapa. Mtu anaomba bondi Jumatano akiwa na matumaini ya kutuma pesa Ijumaa siku ya mapumziko. Pesa inachelewa njiani, Jumatatu inapita. Ukishinda mnada usipolipa, Benki Kuu inaweza kukuzuia minada inayofuata. Basi pesa iwe kwenye akaunti ya Kenya kabla hujaomba. Na uulize benki yako mapema kama app yao inakubali kutuma kiasi hicho kwa siku moja.

Usishangae pia ukiambiwa ulipe 103,000 kwa bondi ya 100,000. Bondi ya zamani ikirudi mnadani ina riba iliyokwisha kusanyika tangu malipo ya mwisho, na huenda riba yake ni nzuri kuliko ya sasa, ndiyo maana bei imezidi. Sehemu ya riba ya kwanza utakayopokea ni pesa yako mwenyewe inarudi, na siku ya kuiva utapewa 100,000, siyo 103,000. Kwa hiyo usiihesabu yote kuwa faida. Weka elfu kadhaa za ziada kwenye akaunti kwa ajili ya hali kama hii.

Ngazi hii haikukingi na nini

Haikukingi na shilingi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Mwisho wa mwaka ilikuwa kama 130. Riyali na dirhamu zinafuata dola, kwa hiyo thamani ya unachotuma inabadilika hivyo hivyo. Ngazi ya shilingi inafaa kwa matumizi yatakayofanyika Kenya. Pesa unayotaka kutumia huko uliko isiingie humu.

Haichukui nafasi ya akiba ya dharura. Tikiti ya kurudi na pesa ya miezi mitatu vikae benki kabla ya kipandio cha kwanza.

Na bondi inalipa riba. Kwa ndugu ambaye dini yake inamkataza, hesabu hizi hazimhusu, hata zikipendeza vipi.

Fanya hivi wiki hii

Chukua karatasi, chora mistari mitatu. Kwenye kila mstari andika mwaka ambao pesa hiyo utaihitaji na kazi yake: karo ya mtoto akiingia sekondari ya juu, kumalizia nyumba, kurudi moja kwa moja. Kisha fungua orodha ya bondi kwenye tovuti ya Benki Kuu, tafuta zinazoiva miezi michache kabla ya kila mwaka ulioandika, na uandike miezi yake ya riba. Mbili zikiangukia mwezi mmoja, badilisha moja. Karatasi hiyo ndiyo ngazi yako, na ukisikia mnada umetangazwa utajua kama bondi hiyo ni kipandio chako au siyo.