Jumatano: Mikono, Kikombe na Dirisha

Soma Walawi 15:11. Je, ni nani aliyepaswa kuosha mikono, mgonjwa au aliyeguswa?

Sheria ilimpa mgonjwa wajibu huo. Kwa mafua makali, hata hivyo, wajibu wake peke yake hautoshi, kwa kuwa mtu huweza kuyaambukiza siku moja kabla hajajisikia kuumwa, na kuendelea kwa siku tano hadi saba baadaye.

Fikiria Sabato ya Ushirika Mtakatifu mwezi Julai huko Endasak, chini ya Mlima Hanang. Asubuhi ni baridi, madirisha yamefungwa, na washiriki 80 wameketi wakibanana. Mlangoni mzee wa kanisa anampa kila mmoja mkono. Akiwa amepangusa pua dakika moja iliyopita, kila anayemshika anaondoka na virusi, kisha anajigusa jicho au pua. Kuacha kumshika mkono mzee huonekana dharau, kwa hiyo yafaa mzee mwenyewe aanze: aweke kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Wengine watamfuata.

Kando ya mlango kining'inizwe kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa kwenye uzi. Mtu akitumia robo lita, dumu linatosha watu 20. Shemasi atalijaza mara nne. Kosa la kawaida ni kulijaza asubuhi na kulisahau. Baada ya huduma ya unyenyekevu watu hurudi mezani, na hapo ndipo mikono huhitaji sabuni tena, kwa sekunde 20, kabla ya kugusa mkate.

Wako wanaodhani kikombe cha Bwana hakiwezi kuambukiza. Divai isiyochachuka haina kileo, wala haiui virusi. Kanisa lenye vikombe vidogo lisiviruhusu vizunguke mara ya pili kwa kusuuzwa tu katika beseni moja la maji baridi. Vioshwe kwa sabuni, vile vya kioo vichemshwe, kisha vyote viinamishwe vikauke vyenyewe. Taulo moja huweza kurudisha uchafu uleule.

Lakini mikono na vikombe vikiwa safi, hewa bado inabaki. Anayekohoa huijaza nyumba iliyofungwa. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na wazee wakae mbali na mkondo wake wakiwa na blanketi. Shule ya Sabato ya watoto ifanyike chini ya mti, juani. Anayekohoa akae nyumbani, na shemasi ampelekee lesoni.

Mwenye kupumua kwa shida, mjamzito mwenye homa, au mtoto asiyeweza kunyonya apelekwe zahanati siku hiyohiyo, hata kama ni Sabato.

Kwa majadiliano: Katika kanisa lenu, ni nani mwenye zamu ya kujaza dumu Sabato ijayo?