Kwera Avunja Kiota Chake

Njia kuu itokayo Butembo kwenda Beni hushuka polepole. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Kuna baridi, nayo mikaratusi ni mingi. Beni iko chini zaidi, kuna joto, na michikichi husimama karibu na nyumba za watu. Mvua zikianza, mchikichi mmoja huweza kuonekana kama umezaa matunda ya ajabu. Viota vingi vinaning'inia kwenye ncha za makuti yake, na kelele za ndege zinasikika tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Hao ni kwera.

Watoto wapitao chini ya mchikichi huo huokota majani yaliyofumwa, pengine nusu nzima ya kiota. Hutazama ndani: hakuna yai, hakuna kinda, hakuna hata unyoya mmoja. Mtoto mmoja husema, «Mwewe amekivunja.» Mwingine husema, «Hapana, ni upepo wa jana.» Lakini wakikaa kimya mbali kidogo na kutazama juu, watamwona mvunjaji mwenyewe. Si mwewe wala si upepo. Ni kwera yule yule aliyekijenga. Anashika uzi mmoja wa jani kwa mdomo, anauvuta, anauachia uanguke, kisha anashika mwingine.

Kwa nini ndege aharibu kazi yake mwenyewe?

Kwanza ni lazima kujua ni nani ajengaye. Kwera dume ana mwili wa manjano, kichwa cheusi na macho mekundu. Jike hana uzuri huo. Rangi yake ni ya majani yaliyofifia. Ajengaye ni dume, na chombo chake cha kazi ni mdomo tu.

Dume huruka mpaka kwenye mabingobingo au kwenye kuti la mchikichi. Huuma ukingo wa jani, hulishika sana, kisha huruka. Jani huchanika kwa urefu, naye huondoka na uzi mrefu wa kijani. (Wenye michikichi wanaijua sana kazi hiyo, wala hawaipendi. Makuti ya mti waliokaa kwera hubaki mifupa mitupu.) Uzi wa kwanza huuzungusha kwenye kijiti na kuupitisha chini ya mzunguko wake wenyewe mpaka ushike. Kisha hufunga mwingine, na mwingine, mpaka apate pete iliyosimama wima.

Pete hiyo ndiyo msingi wa nyumba nzima. Dume husimama ndani yake, miguu yake mahali pale pale, naye hutazama upande mmoja siku zote. Hunyosha shingo mbele na kufuma kila mahali ambapo mdomo wake unafika: juu, chini, kulia, kushoto. Kwa hiyo chumba cha mayai hupata ukubwa wa mviringo ule anaoweza kuufikia kwa mdomo. Hahitaji kamba ya kupimia. Mwili wake ndio kipimo. Halafu huinama kwa nyuma na kufuma ukumbi mdogo, na mlango hutazama chini. Dume aliye hodari, akiwa na majani karibu, huweza kumaliza kazi hiyo kwa siku moja au mbili.

Sasa kiota kipo, kijani kibichi. Lakini si nyumba bado. Ni nyumba inayongoja mwenyewe. Jike anapopita, dume hukimbilia mlangoni, hujining'iniza chini ya kiota, miguu juu na kichwa chini, hupigapiga mabawa yake ya manjano na kuita kwa nguvu. Madume wengine wa mti ule hufanya vilevile pamoja, kila mmoja chini ya kiota chake. Ndiyo sababu ya makelele yale yote.

Jike hababaiki kwa makelele. Huchagua kiota kimoja na kuingia. Hukaa ndani kwa muda mrefu. Huvuta nyuzi kwa mdomo, hapa na pale, kama mama anayevuta mpini wa kikapu sokoni kabla ya kutoa pesa. Mara nyingi hutoka na kwenda zake. Akikubali, huleta majani laini na manyoya, na kutandika kitanda cha mayai. Ndipo dume huongeza mdomo mfupi wa bomba mlangoni, naye haiti tena mbele ya kiota kile.

Jike anatafuta nini anapovuta nyuzi? Anatafuta nguvu, na nguvu ya kiota ni ubichi wake. Uzi wa kijani hupindika bila kuvunjika. Baada ya siku chache hugeuka rangi ya manjano, halafu ya kahawia. Hukauka, na ukivutwa hukatika. Mvua ikiunyeshea, huoza.

Basi, fanyeni hesabu. Tuseme jike anaingia leo na kutaga mayai 3, yai moja kila siku: hizo ni siku 3. Huyaatamia peke yake muda wa siku 12. Makinda wakianguliwa hawana manyoya wala hawawezi kuruka. Hukaa kiotani siku 20 hivi. Jumla ni siku 35. Muda huo wote kiota kinaning'inia kwenye ncha ya kuti, upepo unakitikisa, mvua inakipiga, na ndani yake uzito unaongezeka kila siku, kwa maana makinda wanakua. Ikiwa kiota kilikuwa kipya siku ya kwanza, mwishoni kitakuwa na umri wa siku 35 na zaidi kidogo. Lakini ikiwa jike alikubali kiota kilichokwisha kungoja siku 20, makinda watakuwa bado ndani siku ya 55. Sakafu ikitoboka wakati huo, wataanguka chini, nao hawajui kuruka.

Kwa hiyo jike akikataa kiota cha kahawia, hachagui rangi kwa ajili ya urembo. Rangi humwambia umri wa kiota.

Na dume anajua, au walau anafanya kama anayejua. Kiota kilichokataliwa muda wa juma moja hivi hakina faida kwake tena. Ataita mpaka sauti imkauke, majike watapita tu. Angeweza kukiacha na kujenga kingine mbali, lakini mahali hapana. Mti umejaa madume, na kila mmoja ana vijiti vyake vichache anavyovilinda kwa kupigana. Kiota kikuukuu kinashika kijiti kizuri bure. Basi dume hukifumua, huzitupa nyuzi kavu chini, huleta nyuzi mbichi, na mahali pale pale hujenga kipya. Nyuzi zilizokauka hawezi kuzifuma tena, haziwezi kupindika.

Ndiyo sababu pia dume mmoja hujenga viota vingi katika majira moja. Vingine vimekataliwa na kuvunjwa. Vingine vimekubaliwa: wakati jike wa kwanza anapoatamia, dume haketi juu ya mayai, bali huanza kiota kingine na kumwita jike wa pili. Dume hodari huweza kuwa na majike wawili au watatu kwa wakati mmoja, hata zaidi, kila jike katika kiota chake. Dume dhaifu hujenga na kuvunja, hujenga na kuvunja, na majira yakapita bila yai hata moja.

Watu wengine hudhani kwamba viota vitupu vimewekwa ili kumdanganya nyoka. Neno hilo lina ugumu. Kama dume angetaka kumdanganya nyoka, angeviacha viota vikuukuu mahali pake, maana nyoka haulizi kama nyuzi ni mbichi. Lakini yeye anavibomoa.

Mambo haya yalichunguzwa kwa uvumilivu mkubwa na wataalamu wawili wa Amerika, mume na mke, Nicholas na Elsie Collias. Mwaka wa 1959 walitoa maandishi juu ya kwera wa nchi ya Kongo. Kwao Los Angeles walifuga kwera katika vizimba vikubwa, ili wawatazame karibu. Huko walijaribu jambo moja zuri: waliwalea madume wachanga bila kuwapa majani ya kufumia. Madume hao walipokuwa wakubwa na kupewa majani, mwanzoni hawakuweza kufuma vizuri kama wenzao waliokuwa wamechezea majani tangu utotoni. Kumbe kwera huzaliwa na hamu ya kufuma, lakini mkono wake, yaani mdomo wake, lazima ujifunze. Hata porini madume wachanga hujenga viota vilivyolegea, vyenye matundu, na majike hawavijali. Navyo huvunjwa, na mafundi wake hupata mazoezi.

Si kila ndege wa jamaa ya kwera anaishi hivi. Katika nchi za juu, kama zile za upande wa Butembo, yuko kwera mwingine ambaye hapendi kundi kubwa. Dume na jike huishi wawili tu, nacho kiota chao huonekana peke yake mtini. Mtu asimtazame huyo akitafuta makelele ya mchikichi wa Beni.

Mtoto atakaye kuyaona haya kwa macho yake achague kuti moja lenye kiota cha kijani, na kila asubuhi aandike mambo matatu: rangi yake, kama dume bado anajining'iniza chini yake, na kama jike anachukua manyoya. Akiona manyoya yanaingia na bomba fupi limeongezwa mlangoni, kiota kimekubaliwa. Akiona kiota kinageuka kahawia na dume bado anaita, na aangalie vizuri asubuhi zinazofuata, hasa jua likiwa bado chini. Huenda akafika na kukuta pete tu imebaki, na nyuzi kavu zimetawanyika chini ya mti, na dume anatoka mabingobingoni na uzi mbichi mdomoni.

Maswali
1. Kwera dume hupimaje ukubwa wa chumba cha mayai?
2. Jike huvuta nyuzi za kiota kwa nini?
3. Kiota kimengoja siku 12 kabla ya kukubaliwa. Kitakuwa na umri wa siku ngapi makinda watakapotoka?
4. Kwa nini dume hatumii tena nyuzi za kiota alichokivunja?