Sarafu ya Katanga ya 1961: bei yake halisi ni ipi?

Kamina bado kuna masanduku ya mababu yenye sarafu za Katanga ya Tshombe: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Ukiingia mtandaoni unakuta mtu anatangaza moja kwa bei ya pikipiki. Usianze kuhesabu faida.

1. Ipime kwanza. Franka 5 za 1961 zilitengenezwa kwa shaba nyeusi na pia kwa dhahabu, sura ni ileile. Ya dhahabu ina gramu 13.33, ya kawaida ni kama nusu ya hapo. Ya dhahabu ina takriban gramu 12 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, na chini ya hapo usiuze. Ya kawaida haina kinga kama hiyo: thamani yake ni kile wanunuzi walichokwisha kulipa.

2. Tafuta zilizouzwa. Kwenye eBay andika "Katanga 5 francs 1961", kisha chagua "Sold items". Matangazo yasiyopata mnunuzi yanatoweka hapo, na ndiyo mengi yenye bei za ndoto. Ukiona bei imekatwa kwa mstari na imeandikwa "Best offer accepted", ujue muuzaji alikubali pungufu, na kiasi chenyewe hakionyeshwi. Usiihesabu.

3. Linganisha na iliyo kama yako. Hapa ndipo wengi wanapotea. Sarafu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye alama za NGC au PCGS imeshakaguliwa na kupewa daraja. Yako iliyochakaa kingo si mwenzake. Itazame kwenye mwanga: kama ndizi na ncha za msalaba zimesuguliwa, tafuta picha za zilizochakaa vivyo hivyo. Na tafadhali, usiisugue kwa mchanga wala ndimu ing'ae. Mkusanyaji anaziona alama za kusuguliwa mara moja na kushusha bei.

4. Toa makato. Tuseme sarafu tano zinazofanana na yako ziliuzwa dola 5, 7, 8, 9 na 30. Ile ya 30 huenda watu wawili walishindana kwa hasira. Shika ya katikati, 8. Kumbuka pia kwamba matokeo ya nyumba za mnada mara nyingi yana ada ya mnunuzi ndani yake: dola 120 zenye ada ya asilimia 20 ni 100 tu chini ya nyundo, na hapo kamisheni ya muuzaji bado haijakatwa.

Sasa ongeza kwenye makato hayo gharama ya kutuma bahasha kutoka Kamina hadi Ulaya. Kwa hiyo mtu akikupa dola 5 mkononi kwa sarafu ya kawaida, huku mwingine akitangaza yake kwa 80, chukua hizo 5.