Anga ndani ya bakuli: kumweleza mtoto buluu ya mchana na wekundu wa machweo

Muulize mtoto aliyekulia Tanga au Mombasa kwa nini anga ni la buluu, na mara nyingi atakwambia ni kwa sababu linaakisi bahari. Watu wazima wengi nao hujibu hivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Jibu hilo halifiki Dodoma. Huko bahari iko mbali mamia ya kilomita, na bado saa sita mchana wakati wa kiangazi anga lake ni la buluu kuliko la Dar es Salaam. Kwa kiasi fulani mambo yako kinyume: bahari ndiyo inayoakisi anga, na ndiyo maana siku ya mawingu mazito hugeuka kijivu.

Mtoto wa kaka yangu aliponibana na swali hili, niliacha maneno nikaingia jikoni. Kinachohitajika ni bakuli la kioo la kuokea, lile la mstatili lenye kuta zilizonyooka na lisilo na rangi, maji safi lita mbili, maziwa kidogo, karatasi nyeupe na tochi yenye mwanga mweupe. Tochi ya simu inatosha. Ile yenye mwanga wa manjano haifai, kwa kuwa buluu ndani yake ni haba tangu mwanzo. Maziwa yaliyoondolewa mafuta ndiyo mazuri zaidi. Matone ya mafuta ni makubwa mno kwa kazi hii, nayo huleta weupe mtupu.

Jaza maji, zima taa, funga mapazia. Weka tochi upande mmoja wa urefu wa bakuli, imulike kuelekea upande wa pili, na nyuma ya upande huo wa pili simamisha karatasi. Kabla ya maziwa, mwanga unapita majini bila kuonekana na duara jeupe linatua kwenye karatasi. Sasa dondosha matone kumi ya maziwa, koroga, subiri maji yatulie, kisha mwambie mtoto atazame kutoka ubavuni. Njia ya mwanga imejitokeza, na karibu na tochi ina ubuluu hafifu. Endelea kuongeza matone machache machache. Duara kwenye karatasi litaanza kuwa la manjano, kisha la rangi ya chungwa.

“Shangazi, umetia rangi?”

Hapo ndipo somo linapoanza, maana hakuna rangi iliyotiwa. Maziwa ni meupe, maji hayana rangi, tochi ni nyeupe. Buluu na chungwa zote mbili zimetoka ndani ya mwanga wenyewe. Isaac Newton alilionyesha hilo katika miaka ya 1660 kwa kupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo: mwanga tunaouona mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Rangi hizo husafiri kama mawimbi, na zinatofautiana kwa urefu wa wimbi. Wimbi la nyekundu ni refu, karibu nanomita 700. La buluu ni fupi, karibu nanomita 450. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na mtoto mdogo hahitaji tarakimu hizi. Mwambie tu kwamba nyekundu ina mawimbi marefu na buluu ina mafupi.

Mwanga ukikutana na chembe ndogo kuliko wimbi lake, sehemu yake hutawanywa kila upande. Mawimbi mafupi ndiyo yanayotawanywa zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Mwingereza Lord Rayleigh alipiga hesabu hiyo mwaka 1871, na kwa kanuni yake buluu ya nanomita 450 hutawanywa karibu mara sita kuliko nyekundu ya 700. Ndani ya bakuli, chembe za maziwa zinairusha buluu pembeni, ikaingia machoni mwa mtoto aliyekaa ubavuni. Kilichobaki kusonga mbele hadi kwenye karatasi ni mwanga uliopungukiwa na buluu, na ndiyo maana duara limekuwa la chungwa.

Je, angani maziwa ni nini? Kwa muda wataalamu walidhani ni vumbi au matone madogo ya maji. Mwaka 1899 Rayleigh alionyesha kwamba molekuli za hewa yenyewe, yaani naitrojeni na oksijeni tunazovuta, zinatosha kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mchana, popote unapogeuza macho mbali na jua, unapokea buluu iliyotawanywa na hewa. Pasipo na hewa hakuna kitu cha kutawanya. Picha walizopiga wanaanga wa Apollo 11 mwezini mwaka 1969 zinaonyesha ardhi inayong’aa kwa jua chini ya anga jeusi.

Mtoto mwerevu atauliza kwa nini basi anga si la urujuani, rangi yenye mawimbi mafupi kuliko buluu. Swali ni zuri. Urujuani hutawanywa kweli, lakini mwanga wa jua una urujuani kidogo kuliko buluu, na jicho la binadamu ni zito kuuona.

Sasa jioni. Chukua chungwa na njiti ya meno. Ichome njiti wima, nayo itapenya ganda mara moja. Ichome kwa kulalia, na itasafiri ndani ya ganda kitambo kirefu kabla ya kutokeza. Hewa ndiyo ganda la dunia. Jua la utosini hulipita wima, lakini likiwa kwenye upeo mwanga wake hulipita kwa kulala, na hukutana na hewa takriban mara 38 ya ile ya utosini. Katika safari hiyo karibu buluu yote imetawanywa njiani, na sehemu kubwa ya kijani pia. Kinachomfikia mtu aliyekaa Forodhani, Unguja, ni manjano, chungwa na nyekundu. Huyo yuko mahali ilipo karatasi kwenye jaribio letu.

Vumbi laini na moshi huongeza wekundu. Baada ya mlima wa volkano wa Krakatoa kulipuka huko Indonesia mwaka 1883, machweo yalikuwa mekundu ajabu sehemu nyingi za dunia kwa miezi mingi, kiasi kwamba mjini Poughkeepsie, Marekani, wazima moto waliitwa ikidhaniwa kuna nyumba inayoungua.

Jaribio likiharibika, kosa karibu kila mara ni maziwa kuzidi. Maji yakiwa meupe kote na buluu haionekani, mwanga unarushwa kutoka chembe hadi chembe mara nyingi mno na rangi zote zinachanganyika upya. Mwaga nusu, ongeza maji safi. Na mkitoka nje jioni kulinganisha na anga la kweli, mwonyeshe mtoto rangi za pembeni na za mawingu. Asilikodolee jua lenyewe, hata likionekana limepoa, kwa sababu linaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila kumletea maumivu yoyote.