Ruta za chapa mbili, jina moja la waifai

Ruta ya kampuni ya intaneti iko sebuleni na mawimbi yake hayafiki vizuri vyumba vya uani. Unanunua ya pili, ya chapa nyingine kwa kuwa ndiyo uliyoimudu, unaipa jina na nywila ileile, kisha unaivutia kebo kutoka sebuleni. Unapiga simu ya WhatsApp huku ukitembea kuelekea uani, nayo inakatika. Fundi atakwambia chapa hizo hazipatani. Mara nyingi chapa inasingiziwa tu.

Anayeamua kuhama kutoka ruta moja kwenda nyingine ni simu yenyewe. Ikiona jina lilelile, aina ileile ya ulinzi na nywila ileile, inahesabu kwamba huo ni mtandao mmoja, hata ruta ziwe zimetengenezwa na nani. Tatizo linaanza pale mtandao usipokuwa mmoja kweli.

Tuchukue ruta ya sebuleni yenye anwani 192.168.1.1. Ya pili imetoka kiwandani na 192.168.0.1, na kebo umeichomeka kwenye tundu lake la WAN. Hapo umejenga mitandao miwili, kila mmoja ukigawa anwani zake. Simu ikifika uani huweza kuendelea kutumia anwani ya sebuleni, maana jina linaiambia haijahama, lakini ruta ya uani haiitambui anwani hiyo. Waifai inaonekana imejaa, intaneti hakuna. Hata simu ikipewa anwani mpya, mazungumzo ya zamani huwa yameshavunjika, na printa iliyounganishwa uani haionekani kwa kompyuta iliyo sebuleni. Dalili utaipata kwenye mipangilio ya waifai ya simu: soma anwani ya IP ukiwa sebuleni, kisha zima waifai, iwashe tena ukiwa uani, na usome upya. Sehemu tatu za mwanzo zikibadilika, kwa mfano kutoka 192.168.1 kuwa 192.168.0, umempata mchawi.

Dawa ni kuivua ruta ya pili kazi ya kugawa anwani. Nyingi zina chaguo la "Access Point" linalofanya yote kwa mkupuo. Kama halipo, unganisha kompyuta moja kwa moja na ruta hiyo, badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, kisha zima DHCP. Hakikisha ruta ya sebuleni haigawi namba hiyo kwa vifaa vingine. Ikiwa inagawa kuanzia 100, uko salama. Mwisho, kebo ya kutoka sebuleni iingie kwenye tundu la LAN, na tundu la WAN libaki tupu.

Ulinzi nao ulingane. Ruta ya zamani ikiwa na WPA2 na mpya ikiwa na WPA3, simu nyingine huziona kama mitandao miwili na kugoma kuhama. Weka WPA2-PSK yenye AES kote kote. Chaneli ndizo zitofautiane: kwenye 2.4 GHz, moja iwe 1, nyingine 6 au 11.

Yapo mambo ambayo kwa chapa mbili utayakosa kweli. 802.11r huharakisha kuhama kwa sababu ruta hupeana funguo za usalama mapema, na kwa kawaida ruta za nyumbani za kampuni tofauti hazipeani. Bila hiyo, simu hujitambulisha upya kila inapohama. Anayetazama video hagundui. Anayezungumza husikia neno limemezwa. Usiiwashe upande mmoja tu, kwani haitasaidia kitu, na vifaa vya zamani huweza kushindwa kuingia. Vilevile, programu ya mesh ya chapa moja haitaipokea ruta ya chapa nyingine, isipokuwa zote mbili zina EasyMesh, kiwango ambacho Wi-Fi Alliance ilianza kukithibitisha mwaka 2018. Hata hapo, mimi ningezijaribu pamoja kabla muda wa kurudisha dukani haujaisha.

Kuna pia simu inayong'ang'ania ruta ya mbali. Apple imeeleza kwamba iPhone huanza kutafuta pengine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm. Ruta ya sebuleni ikipaza mno, kiwango hicho hakifikiwi hata ukiwa uani, na simu haisogei. Kwa hiyo punguza nguvu ya mawimbi ya ruta hiyo, hasa kwenye 2.4 GHz, ingawa mkono utawasha kuiongeza.

Ukimaliza, chukua laputopu ya Windows, andika amri hii, kisha tembea polepole kutoka sebuleni hadi uani:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Jibu moja au mawili yakipotea wakati wa kuhama, hiyo ni hali ya kawaida kwa chapa mbili. Majibu yakikoma kabisa, rudi kwenye DHCP na kebo. Yakizidi kuchelewa bila kukoma, laputopu bado imeshikilia ruta ya sebuleni.