Kolini na DHA: Sahani ya Mama na Lebo ya Chupa

Mama anayehudhuria kliniki hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na anapaswa kuvimeza kila siku. Vidonge hivyo havina kolini wala DHA. Hata vidonge vya mchanganyiko wa vitamini na madini 15 vinavyotolewa katika baadhi ya miradi havina. Kwa hiyo virutubisho hivi viwili ama vinatoka kwenye sahani, ama kwenye chupa ya kununua, ama havipatikani vya kutosha.

Kolini hujenga kuta za seli, husafirisha mafuta kutoka kwenye ini na hutumika kutengeneza kemikali ya mawasiliano ya neva. Kondo la nyuma huvuta kolini kwa nguvu kutoka kwenye damu ya mama kwenda kwa mtoto, na baada ya kujifungua kiasi kikubwa hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana kiwango kinachopendekezwa ni miligramu 450 kwa siku wakati wa ujauzito na 550 wakati wa kunyonyesha. DHA ni aina ya mafuta ya omega-3 inayojikusanya kwenye ubongo na macho ya mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Wataalamu wengi hupendekeza angalau miligramu 200 kwa siku.

Tumchukue mama wa Singida mwenye mimba ya miezi sita. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na viazi vitamu, mchana anakula ugali na maharage, usiku ugali na mlenda uliotiwa karanga. Ameshiba, na mlo wake si mbaya. Lakini ukijumlisha kolini ya siku nzima, ni takriban miligramu 200, yaani chini ya nusu ya anayohitaji. DHA ni karibu sifuri. Mafuta ya alizeti anayopikia hayana omega-3 ya maana, na hata mafuta ya mimea yenye omega-3 hubadilishwa na mwili kuwa DHA kwa kiasi kidogo sana.

Mayai mawili yanabadilisha hesabu hiyo. Yai moja kubwa lina takriban miligramu 147 za kolini, karibu zote kwenye kiini, kwa hiyo mayai mawili yanampandisha mama huyu hadi karibu 490. Baadhi ya jamii humkataza mjamzito mayai kwa madai kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Katazo hilo halina msingi, na linamnyima chakula ambacho ni vigumu kukipatia mbadala kwa bei ileile. Yachemshwe hadi kiini kigande. Maini yana kolini nyingi kuliko mayai, ila yamejaa vitamini A ya aina inayoweza kumdhuru mtoto ikizidi. Tusiyafanye chakula cha kila siku.

Kwa DHA, samaki wadogo wenye mafuta wanatosha: kopo dogo la sadini mara mbili kwa wiki linakaribia hitaji la wiki nzima. Dagaa wakavu nao wanafaa, lakini jua na hewa huharibu sehemu ya mafuta yao, na harufu kali ya uchungu ni dalili kwamba yamechacha. Papa na samsuli waachwe, kwa sababu ya zebaki.

Familia ikiamua kununua vidonge, isome nyuma ya chupa. Maneno makubwa ya mbele ni ya biashara. Chupa ikiandikwa “mafuta ya samaki miligramu 1000”, hiyo si DHA. Mara nyingi ndani yake kuna DHA 120 tu na EPA 180, kwa hiyo mama atahitaji vidonge viwili kwa siku, na bei ihesabiwe hivyo. Kolini nayo ina mtego wake. Miligramu 500 za kolini bitatreti hutoa takriban 205 za kolini yenyewe, kwa kuwa sehemu iliyobaki ni asidi iliyoungwa nayo. Angalia pia kama kiasi kilichotajwa ni cha kidonge kimoja au cha viwili.

Usinunue mafuta ya ini la samaki kwa ajili ya mjamzito, kwa sababu ileile ya vitamini A. Asiyekula samaki achague DHA ya mwani, ambako samaki wenyewe huipata. Unga wa maziwa “maalumu kwa wajawazito” kwa maoni yetu ni ghali kwa kinachopatikana ndani yake. Linganisha miligramu za glasi moja na bei ya trei ya mayai kabla ya kulipa.

Ukifika nyumbani, toboa kidonge kimoja cha mafuta na unuse. Kikinuka kama mafuta yaliyochacha, rudisha chupa. Mama anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwonyeshe mhudumu wa kliniki chupa kabla ya kuanza, na vidonge vya chuma na foliki asidi viendelee kama kawaida.