Mwendo wa kontere na mwendo wa safari: kwa nini tomati zetu zinachelewa



Katika somo hili tunaangalia jambo moja linalotupotezea pesa kila msimu: kuhesabu saa ya kufika sokoni. Tutatumia safari moja tuliyoifanya pamoja na koperative moja, kutoka depo yao mpaka Lubumbashi, na kamio yenye tomati.

Njia ina kilometa 150. Kwanza kuna kilometa 30 za barabara ya udongo mpaka Likasi, kisha kilometa 120 za gudroni mpaka Lubumbashi. Tulimuuliza shofere: «Unaendeshaka ngapi?» Akajibu: «Sitini.» Katibu akagawa 150 kwa 60, akapata masaa mawili na nusu. Basi tukaondoka saa kumi ya usiku, tukiwaza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wanunuzi wa jumla wangali sokoni. Tulifika saa tatu. Wanunuzi wakubwa walikuwa wamekwisha kujaza, na tomati zikauzwa rejareja kwa bei ya chini.

Shofere hakudanganya. Sitini ni mwendo wa kontere: ule sindano inaonyesha wakati barabara ni nzuri na hakuna kinachozuia. Sisi tulihitaji mwendo wa wastani, yaani kilometa zote kugawa kwa masaa yote, tangu kuondoka depo mpaka kufika sokoni. Hata dakika ambazo magurudumu hayazunguki zinahesabiwa humo.

Hivi ndivyo masaa yalivyokwenda:

- Udongo, kilometa 30 kwa mwendo wa 20: saa 1 na dakika 30
- Kusimama kijiji cha pili kupakia vikapu vingine: dakika 40
- Gudroni, kilometa 110 kwa mwendo wa 60: saa 1 na dakika 50
- Peaji na bariere: dakika 30
- Kilometa 10 za mwisho, msongamano wa muji: dakika 30

Jumla ni masaa 5. Gawa 150 kwa 5: unapata kilometa 30 kwa saa. Ni nusu ya ile sitini, na kumbe kontere ilionyesha sitini kweli.

Wengine watasema: tuchukue 20 ya udongo na 60 ya gudroni, tuzijumlishe, tugawe kwa mbili, tupate 40. Hapana. Kwa 40, safari ingekuwa masaa matatu na dakika 45, na bado tungekosa kwa saa moja na robo. Sehemu ya polepole inakula saa nyingi kuliko kilometa zake: udongo ni sehemu moja tu ya tano ya njia, lakini ulichukua karibu theluthi moja ya wakati. Na kusimama kunakula saa bila kilometa hata moja.

Je, shofere aongeze mwendo? Tuhesabu. Akienda 80 kwenye zile kilometa 110 za gudroni, ataokoa dakika 27 hivi, lakini atahatarisha watu na kuponda tomati. Kama kijiji cha pili kingeleta vikapu vyake depo jioni, tungeokoa dakika 40 bila kugusa mwendo. Kwanza tupunguze kusimama.

Kwa kupanga, anzeni mwisho mukirudi nyuma. Munataka kufika saa kumi na mbili asubuhi? Toeni masaa 5: munaondoka saa saba ya usiku. Wakati wa mvua, udongo ule unaweza kushuka mpaka kilometa 10 kwa saa. Kilometa 30 zitachukua masaa 3, na safari nzima masaa 6 na nusu. Basi kuondoka ni saa tano na nusu ya usiku, ao kamio ilale Likasi.

Namba 30 ni ya njia ile na kamio ile tu. Musiipeleke kwenye njia ingine. Kila koperative ipate namba yake: anayesindikiza mzigo aandike katika daftari kilometa za kontere na saa, wakati wa kuondoka na wakati wa kufika, na kila kusimama. Kisha safari tatu ao ine, musichague ile iliyokwenda vizuri kupita zote. Pangeni kwa ile ya polepole, kwa sababu soko haitungoji.

Zoezi. Kamio inabeba muhogo kilometa 48 za udongo kwa mwendo wa 24. Inasimama mara mbili, kila mara dakika 30. Itachukua masaa ngapi, na mwendo wa wastani ni ngapi?

Jibu. Kutembea masaa 2, kusimama saa 1, jumla masaa 3. Wastani ni kilometa 16 kwa saa. Aliyejibu 24 arudi kusoma orodha ya juu.